"Nisipolala Leo, Kesho Nimekwisha": Jinsi ya Kuipima Hofu Hii kwa Daftari na Kalamu

Saa 8 usiku. Umeshageuza mto mara tatu. Umewasha simu kuangalia saa, na hesabu imeanza: nikilala sasa hivi nitapata masaa manne, nikichelewa mpaka saa 9 yatabaki matatu. Kisha inakuja sentensi yenyewe: "Kesho nimekwisha." Moyo unadunda, joto linapanda kifuani, na usingizi uliokuwa unanyemelea unaruka.

Mwongozo huu unaishughulikia sentensi hiyo peke yake. Sitazungumzia godoro, chai ya mchaichai wala dawa. Nimekaa na watu wengi wasiolala, na naamini kwamba kwa wengi wao usiku mbaya wa kwanza ulikuja kwa sababu ya kawaida, kama mtoto kuumwa, deni au msiba. Usiku wa ishirini ulikuja kwa sababu ya kuogopa usiku wenyewe. Hofu hiyo inafanyiwa kazi mchana, mezani, ukiwa na kalamu. Saa 8 usiku hakuna mtu anayeshinda mjadala na kichwa chake.

Sentensi inavyokuweka macho

Tangu unapoamka asubuhi, mwili unaanza kujenga njaa ya usingizi. Sehemu ya njaa hiyo ni kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho. Ukilala vibaya leo, kesho usiku njaa hiyo itakuwa kubwa zaidi. Mwili hausahau deni lake.

Lakini mtu mwenye njaa akiona nyoka chini ya meza haendelei kula. Njaa ipo palepale, ila hatari imeitangulia. Ndivyo "kesho nimekwisha" inavyofanya kazi. Mwili unaipokea kama habari ya hatari, unamwaga adrenalini, na usingizi unasubiri nje.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Allison Harvey alieleza mzunguko huu kwa namna ambayo bado inatumika katika tiba. Mtu akishaogopa kutolala, anaanza kujichunguza: moyo unaendaje, macho yanafumba, saa ngapi sasa. Sehemu ambayo watu hawaitazami ni kwamba uchunguzi huo hauishii alfajiri. Asubuhi anajitazama kwenye kioo, anapima uzito wa kichwa, anasikiliza kila mwayo. Anayetafuta uchovu tangu saa 12 asubuhi ataupata, kwa sababu hata aliyelala vizuri ana uchovu kidogo wa kuonyesha. Jioni anarudi kitandani na ushahidi mpya kwamba usiku mbaya humharibia siku.

Sasa fikiria mkesha. Umewahi kukesha kwenye msiba ukisubiri mazishi ya kesho yake, au kwenye mkesha wa mwaka mpya kanisani, au katika usiku wa kumi la mwisho la Ramadhani. Siku iliyofuata ulichoka, ukasinzia mchana, pengine ukamjibu mtu kwa ukali. Lakini ulihudumia wageni, ulipika, ulibeba maji, ulienda kazini. Na usiku ule hukuhesabu masaa yaliyobaki. Macho yalikaa wazi muda uleule, pengine zaidi, lakini hukuwa na hofu. Huo ni ushahidi unaoumiliki mwenyewe, na tutaurudia.

Hatua ya kwanza: ikamate sentensi mpaka chini yake

Chagua muda wa dakika 20 jioni, tuseme saa 11, mbali na kitanda. Andika ile sentensi kama inavyokuja usiku, kwa maneno yake yaleyale. Usiipambe. Kisha jiulize: "Ikitokea hivyo, halafu nini?" Andika jibu, uliza tena, mpaka ufike chini kabisa.

Nitatumia mfano wa mwalimu wa hisabati wa sekondari, mama wa watoto wawili, ambaye nimemuunda kutokana na hadithi nyingi zinazofanana. Sentensi yake ni "Nisipolala leo, kesho nitavurunda." Halafu nini? "Nitakosea ubaoni mbele ya kidato cha nne." Halafu? "Wanafunzi watanicheka, hawataniamini tena." Halafu? "Mkuu wa shule atasikia." Halafu? "Nitaonekana sifai, kazi itaondoka." Halafu? "Watoto wangu watasomaje?"

Tazama alipofika. Alianza na kope zisizofumba, akaishia kwenye ada za watoto. Ndiyo maana moyo unadunda saa 8 usiku. Haudundi kwa ajili ya masaa manne ya usingizi, unadunda kwa ajili ya watoto kukosa shule. Wengi hawajui kwamba ngazi hiyo ipo mpaka waiandike, maana usiku mtu huishuka kwa kufumba na kufumbua.

Baadhi ya watu hushuka ngazi nyingine, ile ya mwili: "nitapata kiharusi", "nitapata wazimu", "mwili umesahau kulala". Njia ni ileile, ila nitaigusa peke yake mbele kidogo.

Hatua ya pili: igeuze iwe utabiri unaoweza kukosea

"Kesho nimekwisha" haipimiki. Hakuna siku itakayofika ikuthibitishie kwamba hukwisha, kwa sababu neno lenyewe halina mpaka. Kwa hiyo iandike upya kama jambo ambalo mtu mwingine, akikaa nyuma ya darasa, angeweza kuliona kwa macho.

Mwalimu wetu aliandika matatu: nitashindwa kumaliza vipindi vyangu; nitafanya makosa ubaoni ambayo wanafunzi watayaona; mkuu wa shule ataniita ofisini. Pembeni ya kila moja akaweka namba kuanzia 0 mpaka 100, jinsi anavyoamini litatokea akilala chini ya masaa manne. Ziandike kwa hisia ya usiku, usizipunguze kwa aibu. Yeye aliandika 70, 90 na 40. Na hofu ya kupanda kitandani, kati ya 0 na 10, aliipa 9.

Hatua ya tatu: hesabu siku zilizokwisha pita

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Watu wengi hujaribu kujituliza kwa maneno ya jumla, "mbona huwa nafanya tu", na kichwa hakikubali. Hesabu ina nguvu zaidi.

Rudi nyuma miezi mitatu. Kadiria usiku ambao kwa maoni yako ulilala vibaya kabisa, kisha uondoe ule uliofuatwa na siku ya mapumziko. Mwalimu alipata siku 15 za kazi zilizofuata usiku mbaya. Halafu akapitia kila utabiri, akisaidiwa na maandalio yake ya somo na rejesta.

Katika siku 15, siku 14 alifundisha vipindi vyote. Moja hakwenda kabisa. Alipiga simu asubuhi akasema anaumwa. Hapa ni rahisi kudanganyika. Siku ile aliihesabu kichwani kama uthibitisho kwamba usiku mbaya humshinda. Lakini siku ile hakuingia darasani, hivyo haikupima chochote. Siku uliyoiahirisha haiingii upande wowote wa mizani, na kadiri unavyoahirisha nyingi ndivyo hofu inavyokosa nafasi ya kukosea.

Makosa ubaoni ambayo wanafunzi waliyaona: siku 3 kati ya 14. Kwa upande mwingine, akakumbuka makosa mawili ya namna hiyo aliyoyafanya siku alizolala vizuri. Mara zote mwanafunzi alinyoosha mkono, mwalimu akafuta, kipindi kikaendelea. Kuitwa na mkuu wa shule: 0.

Kisha likajitokeza jambo ambalo hakuliandika mwanzoni. Katika siku 14, siku 5 aliwafokea wanafunzi kwa kosa dogo, na nyumbani aliwafokea watoto wake. Hiyo ndiyo gharama ya kweli. Haimo kwenye utabiri wake hata mmoja, kwa sababu hofu ilikuwa imemshikilia kwenye ubao na kazi.

Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi kazi hii hueleweka kama kujiambia kwamba kutolala hakudhuru. Kunadhuru kidogo, na unatakiwa kujua wapi. Baada ya usiku mmoja mbaya watu wengi hupoteza subira, hukosa umakini kwenye kazi ndefu inayojirudiarudia, na husinzia alasiri. Kazi yenye watu, yenye kusimama na kuzungumza, huathirika kidogo kuliko wanavyotarajia. Na ule uzito wa saa 8 mchana huja pia kwa waliolala usiku kucha, kwa kuwa saa ya mwili hushuka kidogo wakati huo. Ukiulaumu usiku kwa kila mwayo wa mchana, unaulaumu kupita kiasi.

Kuhusu hofu ya mwili kuharibika

Utafiti unaohusisha usingizi mfupi na shinikizo la damu au kisukari hutazama makundi makubwa ya watu na mazoea ya miaka mingi. Hausemi lolote kuhusu usiku wa jana. Kuchukua matokeo hayo na kuyapakia juu ya usiku mmoja ni sawa na kula chapati moja yenye mafuta kisha kusubiri moyo usimame.

Wengine huogopa kwamba kila saa iliyopotea lazima ilipwe yote, na kwa kuwa haiwezi kulipwa, deni linakua mpaka mwili uanguke. Mwili haulipi hivyo. Kati ya Desemba 1963 na Januari 1964 kijana wa San Diego aitwaye Randy Gardner, mwenye miaka 17, alikaa macho masaa 264, yaani siku 11. Hakubaki salama siku zile, maana alikasirika ovyo na kumbukumbu ilimpotea. Lakini alipolala mara ya kwanza alilala takriban masaa 14, na baada ya hapo usingizi wake ulirudi kwenye utaratibu. Hakuhitaji wiki mbili za kulala kulipa siku 11. Mtu yeyote asijaribu alichofanya. Namtaja kwa sababu anaonyesha jinsi mwili unavyofidia: hulala kwa kina zaidi, hauhesabu saa kwa saa.

Ongeza na hili: watu wanaosumbuliwa na usingizi wakipimwa maabara kwa nyaya za kichwani, mara nyingi hukutwa wamelala zaidi ya walivyodhani. Hawadanganyi. Usingizi mwepesi unaokatikakatika huhisiwa kama kuwa macho. Kwa hiyo hata lile "sikulala kabisa" liandike kama makadirio.

Hatua ya nne: andika sentensi mbadala unayoweza kuiamini

Kosa la kwanza ni kuandika "leo nitalala vizuri". Huo ni utabiri mwingine, na saa 7 usiku ukishindwa, hofu inarudi na nguvu mpya. Kosa la pili ni kuandika kitu kitamu mno, kama "usingizi si muhimu". Kichwa chako kinajua kwamba ni muhimu.

Sentensi nzuri ina vitu vitatu: gharama halisi, ushahidi wako kwa namba, na utakachofanya kuhusu gharama hiyo. Mwalimu, baada ya kufuta mara mbili, aliandika hivi:

"Nikilala vibaya leo, kesho nitakuwa mzito alasiri na nitakuwa mwepesi wa hasira. Vipindi vitafundishwa, kama vilivyofundishwa siku 14. Mwanafunzi mkorofi nitamwambia tuonane kesho kutwa, na jioni nitawaambia wanangu nimechoka kabla sijawafokea."

Ipime kwa namba. Ikiwa unaiamini chini ya 60 kati ya 100, imekuzidi; irudishe chini mpaka iaminike. Yeye aliipa 75. Kisha akapima upya tabiri zake tatu: 15, 40 na 5. Hofu ya kitanda ikashuka kutoka 9 hadi 6. Kushuka huko ndiko kwa kawaida siku ya kwanza, na usitarajie ifike sifuri kwa kuandika tu.

Hatua ya tano: ijaribu mchana

Karatasi hulegeza imani, lakini kinachoibadilisha hasa ni siku yenyewe. Usiku mbaya ukija, na utakuja, utumie. Asubuhi, kabla ya kutoka, andika utabiri wa siku: nitaweza kazi yangu kwa kiasi gani, 0 mpaka 10? Kisha pima ulivyofanya mara tatu, tuseme saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Pima kwa kilichoonekana, kama vipindi, wateja au madaftari yaliyosahihishwa. Usipime ulivyojisikia.

Masharti ya jaribio ndiyo magumu. Usiahirishe jambo ulilopanga. Usilale mchana kufidia. Usiongeze vikombe vya kahawa. Usipande kitandani saa 2 usiku ili "kuwahi". Kila moja ya hayo ni fimbo ya kutembelea: ukimaliza siku nayo utasema ilikuokoa, na imani ya zamani itabaki ilipo. Isitoshe, kulala mchana na kuwahi kitandani kunakula ile njaa ya usingizi uliyoijenga, na usiku wa pili unaharibika kwa mkono wako mwenyewe.

Mwalimu alipata usiku mbaya siku ya nne. Asubuhi alitabiri 3. Saa 4 alijipa 6, saa 8 akajipa 4, saa 12 jioni 5. Hakupata 9, lakini hakupata 3 hata mara moja. Aliposoma namba hizo jioni alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo huwa ninajidanganya alfajiri." Ndiyo. Alfajiri ni saa mbaya ya kutabiri. Kichwa hakijaamka sawasawa, na kila aliyetoka kitandani anajihisi mzito kwa muda.

Fanya majaribio matano au sita kabla ya kuhukumu.

Usiku wenyewe

Usiku huandiki wala hubishani. Saa igeuze ukutani, simu iweke mbali na mkono. Hesabu ikianza, jiambie sehemu fupi tu ya sentensi yako. Yake ilikuwa "vipindi vitafundishwa". Ukiona umekaa macho na hasira inapanda, ondoka kitandani, kaa sebuleni kwa mwanga hafifu, fanya kitu cha utulivu, urudi macho yakiwa mazito. Ukianza kuisoma sentensi yako mara ishirini ili ikupe usingizi, umeigeuza kuwa dawa, nayo itashindwa. Kazi yake ni kupunguza bei ya kukaa macho. Usingizi utakuja wenyewe ukikuta nyoka hayupo.

Waombe pia wa nyumbani wasikuulize kila asubuhi, "Vipi, umelala?" Wanakuuliza kwa upendo, lakini swali hilo linakufungulia siku kwa kujipima.

Pale ambapo hofu ina haki

Kama unaendesha basi, lori au bodaboda, au unasimamia mashine, usifanye jaribio la kwenda kazini kama kawaida. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 24 hufanya kazi ya umakini kama mtu mwenye pombe ya takriban asilimia 0.10 katika damu, kiwango kinachozidi kile ambacho sheria za nchi nyingi zinaruhusu barabarani. Kwako "nikisinzia nitaua watu" ni maelezo ya kweli, na dawa yake ni kutoendesha.

Mwenye kifafa asijaribu kupuuza kukosa usingizi, kwa sababu kunaweza kuleta degedege. Mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka naye amwone daktari mapema, hasa akijikuta analala kidogo sana kwa siku kadhaa lakini ana nguvu nyingi na mawazo yanakimbia. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini ana tatizo la hewa, na hakuna sentensi itakayolitibu. Dawa nazo ziangalie: prednisoloni, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kama efavirenzi, zinaweza kusumbua usingizi. Usiziache, mwulize aliyekuandikia. Na kama mawazo ya saa 8 usiku yamefika kwenye kutotaka kuishi, mwambie mtu leo na uende hospitali.

Ikiwa usingizi unakosekana angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi, kazi hii peke yake huenda isitoshe. Ni kipande kimoja cha tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya usingizi, ambayo Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 kuwa tiba ya kwanza kwa watu wazima, kabla ya vidonge. Tiba kamili hupanga pia muda wa kukaa kitandani, na hapo ni vizuri uwe na mtaalamu.

Wiki ya sita

Mwalimu bado anapata usiku mbaya, mmoja au miwili kwa wiki. Hofu ya kitanda anaipa 3. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulipokaribia ilipanda tena hadi 6, akafungua daftari saa 11 jioni na kushuka ngazi upya. Safari hii iliishia mahali pengine: "wanafunzi wangu watafeli na nitaona aibu." Aliandika utabiri mpya chini yake, akaweka namba pembeni, akafunga daftari na kwenda kupika.